Mkwe Kabla ya Uchumba

Jumapili asubuhi pete ilikuwa bado kidoleni mwangu, na si kwa sababu nilikuwa nimekubali kuolewa. Ilikuwa imekwama. Nilijaribu mafuta ya kula, nikajaribu mafuta ya nywele, nikaivuta mpaka kidole kikavimba. Mwishowe nikaenda kwenye banda letu la ushonaji pale Morotonga, mjini Mugumu, kwa sababu nilijua Veneranda atakuwa anamalizia sare za shule hata kama ni siku ya ibada.

Veneranda ndiye mwenye banda. Nimeshona naye mwaka wa nne sasa, na kwa umri angeweza kuwa dada yangu mkubwa. Hakuuliza kitu. Alinipaka sabuni, akachukua uzi mwembamba, akapenyeza ncha moja chini ya pete, halafu akauzungusha uzi uliobaki kidoleni, duru kwa duru, mpaka juu ya kifundo. Akaivuta ile ncha ya chini taratibu, na pete ikawa inapanda juu ya uzi yenyewe.

"Haya," alisema akiiweka mezani. "Sasa nieleze. Nimesikia kwa watu watatu, kila mtu na lake."

"Watatu? Mbona wachache? Ukumbi ulikuwa na watu mia mbili."

"Mokami, eleza bwana."

Nikaeleza. Jana yake ilikuwa sherehe ya kumuaga Lilian, binti wa mama yangu mdogo, anayeolewa Musoma. Nilikwenda kwa ajili ya Lilian tu. Baba yangu alikuwa na wiki tatu kaburini, arobaini yake hata haijafika, na mimi nilikaa meza ya nyuma nikihesabu muda wa kuondoka. Mara yule mshereheshaji, Zablon, akazima muziki. Akasema kuna mtu ana jambo zito. Akaniita mbele kwa jina langu na la baba yangu.

"Nikadhani naitwa kutoa zawadi. Nafika mbele, namwona Masele amepiga goti, amevaa koti la kuazima. Hajafungua mdomo! Zablon ndiye aliyesema kila kitu. 'Mrembo wetu wa Kikurya, je, unamkubali kijana wetu kutoka Usukumani?' Watu wanapiga vigelegele, simu zimeinuliwa kila upande, Lilian na nguo yake ya sherehe amesahaulika pembeni. Zablon akanishika mkono, akasukuma pete, pete ikagoma kwenye kifundo. Akasukuma tena! Nikauchomoa mkono wangu, nikatoka."

"Ulimwambia hapana?"

"Sikumwambia kitu. Kwani yeye aliniambia nini? Kama ni kuposwa, nimeposwa na Zablon."

Veneranda alitaka kucheka, akajizuia.

"Tena nakwambia," niliendelea, "kuna kitu pale. Mwanamume anayeuliza mbele ya watu mia mbili hataki jibu. Anataka mashahidi. Kwa nini alihitaji mashahidi? Ana haraka gani? Miaka miwili tumekuwa pamoja, hajawahi kulitaja neno ndoa zaidi ya kutania, leo ghafla kipaza sauti!"

Veneranda alikuwa anapanga vifungo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mbona umenyamaza?"

"Nashona."

"Cherehani haizunguki, Vene. Unajua nini?"

Akaviacha vifungo. "Alikuja kuniuliza. Wiki mbili zilizopita."

Nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Kumbe hata huyu! Mtu ninayekula naye sahani moja.

"Usinitolee macho. Sikumtuma ukumbini. Nilimwambia kinyume chake, neno kwa neno. Nilimwambia, kwanza hakikisha mmeshaongea: mtaishi wapi, ataendelea kushona au la, watoto, dini, wazazi. Ule mshangao uwe wa siku na namna, usiwe wa jambo lenyewe. Mwanamke asisikie habari ya ndoa kwa mara ya kwanza siku ya pete. Nikamwambia asubiri msiba upoe. Nikamwambia asiende kuuliza kwenye siku ya mtu mwingine, maana sherehe ya watu ni ya watu. Na atafute mahali ambapo ukitaka kusema hapana unaweza, bila mtu kukutazama."

"Na pete?"

"Nikamwambia anipe siku moja nikupime kidole kwa uzi, nijifanye nachezacheza. Hakurudi. Salvatori, mume wangu, aliniuliza tukichambua maharage, Mokami, mimi na yeye tu, mwaka wa ishirini na moja huu. Nilimweleza Masele hata hilo."

"Sasa kwa nini alifanya vile?"

"Hilo kamuulize yeye. Mimi sijui," alisema, na safari hii nilimwamini nusu.

Jumatatu saa nne asubuhi mama alitokea. Mama yangu, Agustina, hapandi gari bila sababu, na kutoka kwetu Matongo mpaka Mugumu si karibu. Alikuwa amejifunga kanga nyeusi ya msiba, uso umekaza. Nilimwamkia, akaitikia huku anatafuta pa kukaa.

"Video nimeonyeshwa," alisema. "Jirani kaniletea mpaka jikoni. Nimemwona binti yangu anavutwa mkono kama mbuzi wa mnadani, na baba yake hata nyasi hazijaota juu."

"Mama, mimi mwenyewe sikujua."

"Najua hukujua, niliuona uso wako. Nimekuja kwa habari ya yeye." Alimtazama Veneranda, akaona si mtu wa kufichwa, akaendelea. "Yule kijana ananikimbia."

"Anakukimbia?"

"Ananikimbia! Zamani akinikuta sokoni ananipa mikono miwili, ananibebea mzigo. Sasa ni mwezi na nusu, akiniona tu anageuza njia. Siku moja aliingia kwenye bucha akasimama nyuma ya nyama mpaka nilipopita. Na kwenye msiba wa mume wangu, Mokami, alikuja, watu walimwona, akasimama nyuma ya zizi siku mbili. Hata pole hakunipa. Watu wa kila ukoo walinipa mkono, yeye hakunipa."

Nilikumbuka. Siku zile za msiba sikuwa na macho ya kumtazama mtu, lakini nilikumbuka kumtafuta Masele pale kwenye jamvi la wafiwa na kutomwona. Nilijiambia labda ameshikwa na kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu anayosimamia. Kumbe alikuwepo, amejificha.

"Mtu anayeshindwa kukutazama usoni ana kitu," mama alisema. "Mimi nasema ana mke kwao. Na si hilo tu. Waitara, anayefanya naye kazi, kasema ameitwa Chunya kwenye machimbo mengine. Anaondoka mwisho wa mwezi. Ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Sasa yote yalikuwa yamejipanga: anaficha uso, anaficha safari, halafu anakimbilia kunivisha pete mbele ya kamera. Anataka kunifunga nikae namsubiri, huku yeye yuko Chunya, au yuko kwa mke wake. Nilimpenda Masele kiasi kwamba niliumia kuyawaza, lakini niliyawaza yote.

"Nenda ukamuulize," mama alisema. "Sitaki kwa simu. Umtazame. Kisha uje uniambie kama huyo mtu tunaachana naye. Sirudi Matongo mpaka unijibu."

Tulikutana Jumanne saa tano pale bwawa la Manchira, mahali nilipochagua mimi, peupe, pasipo na mtu wa kusikiliza. Ng'ombe wa watu walikuwa wanakunywa ng'ambo ya pili. Masele alikuja na pikipiki, vumbi la machimbo ya Nyamongo, jirani na kwetu Matongo, limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Moyo wangu uliruka kama kawaida yake, nikauambia utulie.

Nilimpa pete niliyoifunga kwenye kitambaa. "Chukua mzigo wako."

"Umeitoaje?"

"Kwa uzi. Akili iliyotumika kuitoa, ungeitumia wewe kabla ya kuinunua. Ulipima wapi?"

"Kwenye kidole changu kidogo. Siku moja nilikushika mkono tukila, nikaona vinalingana."

"Mimi mshonaji, Masele. Vifundo vyangu vimeshika mkasi miaka minane. Ungeniibia uzi mmoja tu!"

Aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua, na nikaona naye ana lake.

"Na mimi niulize. Joel ni nani kwako?"

"Joel yupi?"

"Yule mwalimu. Ulipotoka ukumbini alisimama akakufuata. Alirudi ndani baada ya dakika tisa."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu. Zablon alikuwa ananinong'oneza nitabasamu, na watu wote wananiangalia, na mimi nahesabu."

Ningeweza kumkaripia, lakini jibu lile lilinichoma. Nilimwona pale mbele, goti chini, koti la kuazima, tabasamu la kulazimishwa.

"Nilisahau mkoba wangu mezani. Joel alinifuata kunipa mkoba. Alikuta nalia, akasubiri nipate bodaboda. Basi. Anatushonesha sare za shule yake, hakuna kingine. Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Mimi sijaridhika. Una mke?"

"Nini?"

"Swali ni fupi. Kwenu Bariadi, au popote. Una mke?"

"Mokami! Sina mke. Sijawahi kuwa na mke. Nani kakwambia?"

"Kwa nini unamkimbia mama yangu?"

Uso wake ulibadilika. Sikuona hofu niliyoitarajia, niliona mtu anayeshangaa kuulizwa jambo la wazi.

"Si ndiyo heshima?" alisema.

"Heshima ya nini?"

"Ya mkwe! Waitara alinifundisha. Nilimwambia nina mpango wa kukuoa, akaniambia, 'Mura, huku kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe. Hampi mkono, hakai naye jamvi moja, akimwona njiani anapisha.' Alinidanganya?"

"Hakukudanganya. Ndivyo ilivyo."

"Sasa! Kwetu sisi si kali hivyo, nikaona nitakosea. Mimi nimezoea kumsalimia mama kwa mikono miwili. Nikasema nianze mapema, ili siku ikifika nimeshazoea."

Nilimtazama. Nilitafuta uongo kwenye ule uso wenye vumbi, nikatafuta tena. Halafu nikakumbuka lile bucha, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu amejibanza nyuma ya mguu wa ng'ombe unaoning'inia kwa sababu ya heshima, na kicheko kikanitoka bila ruhusa yangu. Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

"Uzoee! Jamani, mtu huyu! Masele, hiyo ni heshima ya mtu aliyekwisha kupokelewa. Wazee wameshakaa, ng'ombe wameshajadiliwa, ndipo yeye na mama wanaoneana haya. Wewe hujatuma hata mzee mmoja, hata mimi mwenyewe hujaniuliza. Ukimkimbia mama wa mtu kabla ya hapo, inaonekana umefanya baya, au umejipa ukwe mwenyewe. Umekuwa mkwe kabla ya kuwa mchumba!"

Yeye hakucheka. "Kwa hiyo pale msibani..."

"Pale msibani mama alisubiri mkono wako, na wewe uko nyuma ya zizi."

Alikaa chini kwenye jiwe kama mtu aliyekatwa miguu. "Nilileta maji yale mapipa mawili, usiku ule wapishi waliposema yameisha. Nilitaka kumpa mama pole. Maneno nilikuwa nayo, niliyapanga kabisa. Baba yako alinipokea vizuri, Mokami, alinipa kiti kabla hajaniuliza kabila. Nilisimama pale siku mbili nikimtazama mama analia, nikajiambia, usiende, utaharibu." Alijifuta uso kwa mkono, na vumbi likageuka tope. "Kumbe ndiyo nilikuwa naharibu."

Kicheko kiliniisha. Nilikaa kwenye jiwe la pili, si karibu sana. Bado kulikuwa na jambo.

"Chunya," nilisema.

"Nilikuwa nikwambie."

"Lini? Ukiwa stendi?"

"Nilitaka kwanza nikuvishe pete, ndipo nikwambie."

"Ili nisiweze kusema kitu. Ulitaka kuniwekea alama kabla ya safari, kama ng'ombe."

Nilingoja akatae. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumjibu.

"Ndiyo," alisema Masele. "Niliogopa. Naenda miezi miwili kufunga mashine mpya, kule simjui mtu, huku nakuacha. Nikaona nikikuuliza tukiwa wawili unaweza kusema tusubiri. Zablon akasema, 'Mbele ya watu hakatai mtu.' Veneranda alishaniambia vizuri, nikamwacha, nikamfuata Zablon kwa sababu alisema nilichotaka kusikia. Sikulala toka Jumamosi. Nilikuwekea mtego, Mokami. Nisamehe."

Mtu anayejitetea mimi namjua, nimemsikia mara nyingi. Huyu hakujitetea. Ndipo ile shaka iliyokuwa imenikaa kifuani siku tatu ikaanza kulegea, ingawa haikutoka yote. Nilikuwa na hasira naye na nilitaka kumfuta lile tope usoni, vyote kwa pamoja.

"Sasa unataka nini?" nilimuuliza.

"Leo sikuulizi lile. Nataka kuuliza jingine tu. Unataka siku moja nikuulize?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kule ukumbini nilitakiwa kutoa jibu la maisha yangu yote kabla wimbo haujaanza tena. Hapa nilikuwa na bwawa zima mbele yangu na muda wa kutosha.

"Kwanza tuongee," nilisema.

Tukaongea. Nilimwambia siachi kushona, na siendi kuishi machimboni kwenye nyumba za turubai. Akasema hata yeye hataki, ana kiwanja alichokitazama hapa Morotonga. Nilimuuliza habari ya watoto, akasema watatu, nikasema wawili, tukaliacha. Nilimuuliza kanisa. Aliniuliza kama nitakubali mama yake akija kukaa akizeeka, nikamwambia ndiyo, na wangu je? Akasema, "Wangu nitakuwa nampisha njia." Tukacheka wote wawili. Habari ya wazee na ng'ombe tukakubaliana ije baadaye, baada ya mimi kuulizwa, isije kabla. Ng'ombe wa ng'ambo walimaliza kunywa wakaondoka, wakaja wengine.

"Uliza," nilimwambia mwishoni. "Siku yoyote msiba ukiwa umepoa na safari yako imekwisha. Sitaki kuijua siku. Sitaki Zablon, sitaki kamera, sitaki koti la mtu. Na useme kwa mdomo wako."

Tulirudi Morotonga pamoja. Mama alikuwa kwenye banda anamsaidia Veneranda kukata nyuzi. Alipomwona Masele mlangoni alisimama. Masele aliganda, mguu mmoja ndani mmoja nje, nikajua mwili wake unataka kukimbia. Nikamkanyaga kidogo.

Alisogea mbele, akainama, akatoa mikono miwili. "Shikamoo mama. Pole kwa msiba wa mzee. Nimechelewa sana kukupa pole."

Mama aliitazama ile mikono. "Kwa nini ulinikimbia?"

"Nilifundishwa haya ya mkwe, mama. Nikaianza kabla ya wakati."

"Nani alikufundisha?"

"Waitara."

"Waitara!" Mama aliguna kwa dharau, lakini niliona pembe ya mdomo imecheza. Akampa mkono, akamshika wa kwake kwa nguvu. "Ukiwa mgeni, nisalimie kama mgeni. Kulia na mimi ulitakiwa ulie. Siku ya kunikimbia ikifika utaambiwa, na mimi nitakukimbia wewe." Akamwachia, akarudi kwenye nyuzi zake kama vile hajasema kitu. Mimi na Veneranda tulitazamana. Tulikuwa tumesikia.

Masele alikwenda Chunya. Miezi miwili ikawa miwili na wiki mbili. Alipiga simu kila siku jioni na hakuigusa ile habari hata mara moja, mpaka shaka yangu ikaanza kuniamsha upya. Amesahau? Amebadilika? Kuna mpishi gani kule kambini? Arobaini ya baba ilipita, mama akaivua kanga nyeusi, shule zikafunguliwa na sare zote zikaenda. Aliporudi alikaa siku tisa nzima, anakuja, anakunywa chai, anaondoka.

Jumatano moja saa tisa alasiri Veneranda alisimama ghafla akasema anakwenda kununua vifungo. Vifungo tulikuwa navyo makopo mawili. Nilimtazama mpaka alipopotea. Dakika moja baadaye Masele aliingia. Alikuwa amenawa uso na kuvaa shati lake mwenyewe, lile la bluu ambalo mimi ndiye niliyemshonea.

"Kaa," nilimwambia. Nikashika mkasi, nikauweka, nikaushika tena.

Hakukaa, wala hakupiga goti. Alisimama upande wa pili wa meza.

"Siku ya kwanza nilikuja hapa na suruali iliyochanwa na mkanda wa karasha," alisema. "Ulinitukana. Ulisema mtu mzima anachana suruali kama mtoto. Halafu ukaniuliza kama mguu umeumia. Machimbo yote nimepita, Geita, Kahama, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama mguu umeumia. Nilirudi Matongo nikaitafuta suruali nyingine ya kuchana."

"Kumbe zile tatu ulizichana makusudi?"

"Mbili. Mokami, nataka kuishi na wewe mpaka mwisho. Nataka tugombane hapa na nyumbani. Naomba unioe, na mimi nikuoe. Pete ninayo mfukoni, na safari hii Veneranda alikupima kwa uzi, lakini itabaki humu mpaka uitake. Ukikataa hutaiona, na sitakudai sababu."

Nilifungua mdomo. Alinyanyua mkono.

"Si lazima ujibu leo. Mimi navuka hapo ng'ambo kwa fundi pikipiki, nabadilisha plagi. Jibu ni lako na siku ni yako."

Na kweli akatoka. Aliniacha peke yangu na cherehani mbili na vitambaa.

Nikatafuta mtego. Ndiyo, nilitafuta, siwezi kusema uongo. Nilifunua pazia la kupimia nguo, hakuna mtu. Nikatazama simu ya Veneranda aliyoiacha kwenye rafu, imezimwa. Nikachungulia nyuma ya banda, labda Zablon, labda Lilian, labda jirani na kamera. Kulikuwa na kuku watatu tu. Nikachungulia barabarani nikamwona Masele kweli ameinama kwa fundi, anamwonyesha plagi, hageuki nyuma kunitazama hata kidogo, ila plagi ikamdondoka. Hapakuwa na mtego. Ningeweza kufunga banda, nikaenda nyumbani, nikalala juu ya swali langu mwezi mzima, na hakuna mtu hata mmoja Mugumu nzima ambaye angejua kwamba nimeulizwa.

Nilisimama mlangoni. Kati yangu na yeye kulikuwa na barabara, lori la mchanga, bodaboda sita kijiweni, mama muuza nyanya na wateja wake.

"Masele!" niliita.

Aligeuka.

"Nimekubali!" nilipiga kelele, kelele ambayo sijui niliitoa wapi. "Nimekubali, unasikia? Ilete hiyo pete!"

Kijiwe kizima kililipuka. Bodaboda wakapiga honi, mama wa nyanya akapiga kigelegele, dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akiuliza kuna nini.

"Na nyie mmealikwa na nani?" niliwafokea, machozi yananitiririka, wakati Masele anavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto.